Barua ya onyo hudumu kwa muda gani, na je, onyo la zamani laweza kutumiwa kumfuta mtu kazi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo ndiyo msingi wa mahusiano ya kazi nchini Kenya, haitaji popote idadi ya miezi ambayo barua ya onyo hudumu. Wafanyakazi wengi huamini kwamba kila onyo hufa baada ya miezi sita. Waajiri nao wapo wanaoamini kwamba barua ikishaingia katika faili, inaweza kutolewa wakati wowote na kutumiwa kumfuta kazi aliyeandikiwa. Imani zote mbili zina kasoro, na mara nyingi kasoro hiyo hugunduliwa wakati mgogoro umekwisha kufika kwa afisa wa leba au mahakamani.

Jibu fupi ni hili. Muda wa onyo huwekwa na barua yenyewe, na mwongozo wa wafanyakazi wa mwajiri, au na mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Muda huo ukiisha, barua inaweza kubaki katika faili kama sehemu ya historia ya mfanyakazi, lakini haiwezi tena kuwa nguzo ya kumfutia kazi. Kosa jipya lazima liwe na uzito wake lenyewe.

Sheria inasema nini, na inanyamaza wapi

Onyo limetajwa mahali pawili muhimu katika Sheria ya Ajira. Pa kwanza ni kifungu cha 74, kinachoorodhesha kumbukumbu ambazo kila mwajiri anatakiwa kuziweka kwa maandishi. Pamoja na siku za likizo, mishahara na mapumziko ya wiki, orodha hiyo inajumuisha kumbukumbu ya barua za onyo au ushahidi mwingine wa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo mwajiri anayeihifadhi barua ya onyo havunji sheria. Anatimiza wajibu wake.

Pa pili ni kifungu cha 45. Kifungu hiki kinakataza kumwachisha mtu kazi isivyo haki, kisha kinaeleza mambo ambayo afisa wa leba au Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba itayapima inapoamua kama mwajiri alitenda kwa haki na usawa. Mambo hayo ni pamoja na utaratibu uliofuatwa, mwenendo na uwezo wa mfanyakazi hadi siku aliyoachishwa, jinsi mwajiri alivyowahi kushughulikia makosa ya aina hiyo siku za nyuma, na kuwepo kwa barua za onyo zilizotangulia.

Ukisoma vifungu hivyo pamoja, utaona jambo ambalo halikusemwa. Sheria inaagiza maonyo yahifadhiwe, na inaagiza yazingatiwe, lakini haisemi yanapoteza nguvu lini. Pia haisemi kwamba ni lazima maonyo matatu yatolewe kabla ya mtu kuachishwa kazi. Utaratibu wa onyo la kwanza, la pili na la mwisho unaojulikana katika ofisi na viwanda vingi hautokani na Sheria ya Ajira. Unatokana na nyaraka za mahali pa kazi, na huko ndiko pa kutafuta muda wa onyo.

Muda wa onyo hutoka wapi

Nyaraka ya kwanza ya kuangalia ni barua ya onyo yenyewe. Barua iliyoandikwa vizuri hutaja kosa lililotendwa, tarehe ya kosa hilo, kile ambacho mfanyakazi anatakiwa kurekebisha, na tarehe ambayo onyo litakoma. Mwajiri akiandika kwamba onyo litadumu kwa miezi 12, amejifunga kwa maneno yake mwenyewe. Hawezi baadaye kudai kwamba alikuwa na nia ya muda mrefu zaidi.

Nyaraka ya pili ni mwongozo wa wafanyakazi au kanuni za nidhamu za mwajiri. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwajulisha wafanyakazi wake kwa maandishi kuhusu kanuni za nidhamu zinazowahusu, au kuwaelekeza kwenye waraka wanaoweza kuusoma kwa urahisi. Miongozo mingi huweka miezi sita kwa onyo la kwanza na miezi 12 kwa onyo la mwisho, na pengine hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba miezi sita ni sheria ya nchi. Ni desturi iliyoenea, lakini kila mwajiri anaweza kuweka muda wake.

Nyaraka ya tatu ni mkataba wa pamoja. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007, mkataba wa pamoja uliosajiliwa mahakamani huwa sehemu ya mkataba wa ajira wa kila mfanyakazi anayehusika nao. Mikataba ya aina hii mara nyingi huwa na kipengele kinachosema kwamba mfanyakazi akimaliza kipindi fulani bila kosa jingine, maonyo yaliyomo katika kumbukumbu zake hufutwa. Neno "hufutwa" lina uzito mkubwa kuliko "hukoma". Onyo lililofutwa kwa makubaliano ya namna hiyo linahesabiwa kuwa halipo, na mwajiri anayelitumia anakiuka mkataba alioutia saini.

Nyaraka hizi zikipingana, swali la kwanza ni kama mfanyakazi yuko chini ya mkataba wa pamoja. Ikiwa yuko, mwongozo ulioandikwa na mwajiri peke yake hauwezi kumpunguzia haki ambayo mkataba umempa.

Kubaki katika faili si kubaki na nguvu

Onyo ni ahadi yenye pande mbili. Mwajiri anamwambia mfanyakazi kwamba akirudia kosa katika kipindi hiki, hatua kali zaidi itafuata. Kwa kuweka kipindi, mwajiri anasema pia kwamba kipindi kikipita salama, tishio hilo limeondoka. Mfanyakazi anayejirekebisha kwa mwaka mzima anafanya hivyo akitegemea maneno hayo. Kama mwajiri angeruhusiwa kulifufua onyo siku yoyote apendayo, tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika barua isingekuwa na maana.

Hata hivyo, kwisha kwa muda hakufuti ukweli kwamba kosa lilitendeka. Kifungu cha 45 kinataka mwenendo wa mfanyakazi hadi siku ya kuachishwa uzingatiwe. Mtu aliyefanya kazi miaka minane bila barua hata moja hayuko sawa na mtu aliyepata barua tano katika miaka hiyo minane, hata kama zote tano zimekwisha muda. Ugumu uko katika kuamua historia hiyo inaruhusiwa kufanya kazi gani. Je, inaweza kulifanya kosa dogo kuwa kubwa, au inaweza tu kumnyima mfanyakazi huruma katika kosa ambalo tayari ni kubwa?

Maamuzi mawili yaliyofafanua tofauti hiyo

Swali hilo limejadiliwa kwa kina katika mahakama za Uingereza. Maamuzi ya huko hayazifungi mahakama za Kenya, lakini majaji wa Kenya wamekuwa wakiyarejelea wanapopima kama uamuzi wa mwajiri ulikuwa wa busara, kwa kuwa kipimo cha haki na usawa kilicho katika kifungu cha 45 kinafanana na kile kinachotumika kule. Maamuzi mawili yanasaidia sana.

La kwanza ni la mwaka 2006, lililotolewa na mahakama ya juu ya madai ya Uskoti katika kesi iliyohusu kampuni ya kemikali ya Diosynth. Mfanyakazi wa kiwanda alipewa onyo la maandishi la miezi 12 kwa kutofuata hatua ya usalama katika uchanganyaji wa kemikali. Miezi michache baada ya onyo hilo kwisha, ulitokea mlipuko uliomuua mfanyakazi mwenzake. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfanyakazi huyo alikuwa ameruka tena hatua ileile ya usalama na kuandika kwamba ameifanya, ingawa haikuthibitishwa kwamba uzembe wake ndio uliosababisha mlipuko. Mwajiri alimfuta kazi, na akakiri kwamba bila onyo la zamani asingemfuta. Kukiri huko ndiko kulikoamua kesi. Mahakama ilisema kwamba mwajiri aliyeahidi onyo litadumu miezi 12 hawezi kulitumia baada ya muda huo kama uzito wa mwisho unaoinamisha mizani.

La pili ni la mwaka 2008, lililotolewa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza katika kesi iliyohusu kampuni ya kutengeneza ndege ya Airbus. Fundi mmoja alikutwa akiosha gari lake wakati wa kazi. Alifutwa, lakini baada ya rufaa ya ndani adhabu ikapunguzwa kuwa onyo la mwisho la miezi 12. Wiki chache tu baada ya onyo hilo kwisha, alikutwa na wenzake wanne wakitazama televisheni wakati wa kazi. Wote watano walionekana kuwa na kosa zito. Wenzake wanne, ambao hawakuwa na historia ya makosa, walipewa onyo la mwisho. Yeye akafutwa. Mahakama iliona kwamba haikuwa kosa kwa mwajiri kuzingatia historia yake, kwa sababu kosa jipya lilikuwa linatosha peke yake kumfutia mtu kazi. Onyo la zamani halikuongeza ukubwa wa kosa. Lilimnyima tu huruma waliyopewa wenzake.

Maamuzi haya yanaonekana kama yanapingana, lakini yanakubaliana katika kipimo kimoja. Mwajiri anatakiwa kujiuliza: kama faili ya mfanyakazi huyu ingekuwa haina barua yoyote, je, kosa hili jipya lingestahili kumfuta kazi? Jibu likiwa ndiyo, historia inaweza kutazamwa wakati wa kuamua kama kuna sababu ya kumsamehe. Jibu likiwa hapana, onyo lililokwisha muda haliwezi kuligeuza jibu hilo kuwa ndiyo.

Mfano wa karani wa stoo

Ili kuona jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, chukua mfano wa kubuni wa karani wa stoo katika kampuni ya usambazaji iliyo Eneo la Viwanda, Nairobi. Mwongozo wa kampuni unasema onyo la kwanza hudumu miezi sita na onyo la mwisho hudumu miezi 12.

Tarehe 3 Februari 2023 karani alipewa onyo la kwanza kwa kuchelewa kufika kazini. Onyo hilo lilikoma tarehe 2 Agosti 2023. Tarehe 15 Januari 2024, baada ya kuchelewa mara kadhaa tena, alipewa onyo la mwisho, lililokoma tarehe 14 Januari 2025. Tarehe 20 Februari 2025, siku 37 baada ya onyo la mwisho kukoma, alifika kazini akiwa amechelewa kwa saa moja na nusu. Kampuni ikamwandikia barua ya kumwachisha kazi, ikisema kwamba "licha ya maonyo mawili hukujirekebisha".

Barua hiyo ina tatizo. Kuchelewa saa moja na nusu mara moja si kosa ambalo kwa kawaida humfutia mtu kazi. Maneno ya barua yenyewe yanaonyesha kwamba kilichoamua ni maonyo mawili, na yote mawili yalikuwa yamekoma. Kampuni ingeweza kumpa onyo jipya, na kama kanuni zake zinaruhusu, onyo hilo lingeweza kuwa kali zaidi kwa kuzingatia historia yake. Kumwachisha kazi ni hatua iliyoruka mbali kuliko kosa.

Badili tarehe. Kama kosa lingetokea tarehe 10 Januari 2025, siku nne kabla ya onyo la mwisho kukoma, hali ingekuwa tofauti kabisa. Onyo lilikuwa na nguvu, lilihusu kosa lilelile, na lilimweleza karani matokeo ya kurudia. Kampuni ingekuwa na sababu ya kumwita katika kikao cha nidhamu na, baada ya kumsikiliza, kuamua kumwachisha. Siku nne zinaweza kuonekana kama jambo dogo, lakini tarehe iliyowekwa na mwajiri ndiyo inayofuatwa, iwe inamfaa mwajiri au inamfaa mfanyakazi.

Badili sasa aina ya kosa. Tuseme tarehe 20 Februari 2025 karani hakuchelewa, bali iligundulika kwamba ameandika katika daftari la stoo mizigo ambayo haikupokelewa. Udanganyifu katika kumbukumbu za mali ya mwajiri ni kosa zito, na kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfuta mtu kazi papo hapo kwa kosa linalovunja misingi ya mkataba wa ajira, mradi amsikilize kwanza. Hapa maonyo ya kuchelewa hayahitajiki kabisa. Mwajiri anayeyachomeka katika barua ya kufuta kazi anajidhoofisha bure, kwa sababu anafungua mlango wa kuulizwa kama alimfuta kwa udanganyifu au kwa kuchelewa.

Mfano wa mwisho unaonyesha jambo jingine: onyo hutegemea kosa lililotajwa ndani yake. Onyo la kuchelewa halimwonyi mtu kuhusu utunzaji wa daftari. Isipokuwa mwongozo useme wazi kwamba maonyo ya makosa tofauti yatajumlishwa, mfanyakazi ana hoja ya kusema kwamba hakuwahi kuonywa kuhusu kosa analoshtakiwa.

Barua isiyokuwa na tarehe ya mwisho

Waajiri wengi wadogo hawana mwongozo wala mkataba wa pamoja, na barua zao za onyo hazitaji muda. Je, onyo la namna hiyo hudumu milele? Hapana. Kwa kuwa sheria haikuweka idadi ya miezi, afisa wa leba au mahakama itapima haki na usawa kwa kutazama mazingira yote.

Jambo la kwanza litakalotazamwa ni umri wa onyo na kilichotokea kati yake na kosa jipya. Onyo la miezi minne lina uzito. Onyo la miaka mitano, lililofuatiwa na miaka mitano ya kazi safi na pengine nyongeza ya mshahara au kupandishwa cheo, limechakaa hata kama hakuna aliyeandika kwamba limekoma. Jambo la pili ni kufanana kwa makosa. Jambo la tatu, ambalo kifungu cha 45 kimelitaja waziwazi, ni desturi ya mwajiri mwenyewe. Kama wafanyakazi wengine wenye barua za zamani walipewa onyo jipya kwa kosa kama hilo, mwajiri atatakiwa kueleza kwa nini huyu mmoja aliachishwa kazi.

Kukaa bila tarehe pia kunaweza kumfaa mwajiri pale ambapo makosa yanajirudia kwa mpangilio. Mfanyakazi anayesubiri kila onyo liishe, kisha anarudia kosa baada ya wiki mbili, anajenga mwenendo ambao mwajiri anaweza kuuonyesha kwa tarehe. Mwajiri mwenye busara hangojei hadi siku ya kumfuta ndipo aulalamikie mpangilio huo. Anauandika katika onyo linalofuata, akieleza kwamba makosa yamejirudia kila onyo linapokwisha, na kwamba onyo hili kwa sababu hiyo litadumu kwa muda mrefu zaidi, ikiwa kanuni zake zinaruhusu.

Onyo lililotolewa isivyo haki

Wakati mwingine tatizo haliko katika umri wa onyo bali katika jinsi lilivyotolewa. Mfanyakazi anaweza kuwa alipewa barua bila kuulizwa chochote, au kwa kosa ambalo hakulitenda. Akinyamaza, onyo hilo litasomwa katika kikao cha nidhamu mwaka unaofuata kana kwamba alilikubali.

Wakati wa kulipinga onyo ni siku linapotolewa. Mfanyakazi anaweza kuandika jibu fupi lenye tarehe, akieleza upande wake na kuomba jibu liwekwe katika faili pamoja na barua. Kutia saini ya kupokea barua si kukiri kosa, na mwenye wasiwasi anaweza kuandika kando ya saini kwamba ameipokea lakini hakubaliani na yaliyomo. Kukataa kuipokea hakusaidii, kwa kuwa mwajiri anaweza kuithibitisha kwa shahidi, na mfanyakazi atakuwa amepoteza nafasi ya kuweka maneno yake katika kumbukumbu.

Kwa upande wa mwajiri, kosa linalojirudia ni kutoa adhabu mbili kwa jambo moja. Mwajiri aliyempa mfanyakazi onyo kwa kosa la tarehe fulani amekwisha kulimaliza kosa hilo. Hawezi wiki mbili baadaye, baada ya kufikiri upya au kushauriwa na mkubwa wake, kumfuta kazi kwa kosa lilelile. Anachoweza kufanya ni kulitaja onyo hilo iwapo kosa jingine litatokea.

Kikao kabla ya uamuzi

Hata onyo lenye nguvu halimwondolei mwajiri wajibu wa kumsikiliza mfanyakazi. Kifungu cha 41 kinataka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ambayo kwayo anafikiria kumwachisha kazi. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake mahali pa kazi wakati wa maelezo hayo, na mwajiri ni lazima ayasikilize na kuyazingatia majibu yao kabla ya kuamua. Barua inayosema kwamba mfanyakazi amefutwa "kwa kuwa hili ni onyo la tatu", bila kikao, huanguka kwa utaratibu hata kama maonyo yote matatu yalikuwa halali.

Mfanyakazi aliyeitwa katika kikao anapaswa kuomba mapema nakala ya maonyo yatakayotumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi zinazohifadhiwa na mwingine, na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Akizipata, kazi yake ni rahisi: kwa kila barua, aandike tarehe iliyotolewa, tarehe iliyokoma, kosa lililotajwa, na kama linafanana na kosa la sasa. Mara nyingi karatasi hiyo moja yenye safu nne hutosha kuonyesha kama hoja ya mwajiri inasimama.

Mgogoro ukishindikana kazini

Aliyeachishwa kazi na kuamini kwamba hakutendewa haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa. Anaweza pia kufungua kesi katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba kabla ya miaka mitatu kupita. Mfanyakazi atatakiwa kuonyesha kwamba kuachishwa isivyo haki kulitokea, na mwajiri atatakiwa kuthibitisha sababu za uamuzi wake. Kwa sababu hiyo barua ya kuachishwa kazi husomwa kwa makini sana, maana ndiyo inayoonyesha mwajiri aliegemea nini siku hiyo.

Mahakama ikiona kwamba haki haikutendeka, inaweza kuamuru fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, pamoja na malipo mengine anayostahili mfanyakazi. Kwa karani wa stoo anayelipwa Sh32,000 kwa mwezi, kiwango cha juu cha fidia hiyo ni Sh384,000. Si kila anayeshinda hupata kiwango hicho. Kifungu cha 49 kinaitaka mahakama izingatie pia jinsi mwenendo wa mfanyakazi mwenyewe ulivyochangia kuachishwa kwake, na hapo ndipo maonyo ya zamani yanaweza kurudi kwa sura nyingine. Barua iliyokwisha muda inaweza kushindwa kuhalalisha kufutwa kwake kazi, na bado ikapunguza fidia, kwa kuwa inaonyesha kwamba mfanyakazi alikuwa na tatizo lililojulikana.

Malalamiko kwa afisa wa leba hupokelewa katika ofisi za leba za kaunti. Mlalamikaji anashauriwa kufika na nakala ya barua ya ajira, barua zote za onyo pamoja na majibu aliyoyaandika, mwongozo wa wafanyakazi au mkataba wa pamoja kama upo, na barua ya kuachishwa kazi.